T11, T12, T13: namna ya kumweleza msomaji madaraja ya mbio za wasioona

Mwandishi akitumwa uwanja wa Mkwakwani, Tanga, kuripoti mbio za watu wenye ulemavu, mara nyingi hurudi na sentensi ya aina hii: "Katika mita 400 kwa walemavu, mshindi alitumia dakika moja na sekunde mbili." Msomaji wa Ngamiani akiisoma hajaambiwa kitu. Hajui nani alishindana na nani, kwa nini mmoja alikuwa na mtu ubavuni wameshikana kamba, wala kwa nini aliyemaliza kwa muda mrefu zaidi amevishwa dhahabu naye pia. Hapo ndipo maneno ya kijiweni huanza: wamependelewa, wameonewa, yule mbona anaona?

Mwongozo huu ni wa mwandishi huyo. Sitagusa aina zote za ulemavu, kwa sababu riadha peke yake ina madaraja mengi na makala moja haiwezi kuyabeba. Nachukua mbio za wasioona na wenye uoni hafifu. Wanafunzi wa namna hiyo tunao mkoani, Irente kule Lushoto na Pongwe hapa karibu na mjini. Tena hili ndilo eneo lenye manung'uniko mengi kuliko mengine, maana mguu uliokatwa kila mtu jukwaani anauona, lakini uoni hafifu hauonekani kwa kumtazama mtu.

Hatua ya kwanza: uliza daraja kabla hujauliza jina

Kabla mbio hazijaanza, mfuate kocha au mwenye orodha ya washiriki. Huna haja ya hotuba ndefu.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

"Mwalimu, hawa wa mita 400 wako daraja gani? Na daraja hilo wamepewa na nani, lini?"

Swali la pili ndilo waandishi wengi hulisahau. Kwenye mashindano ya mkoa, mara nyingi daraja ni la muda tu, limetolewa kwa karatasi ya hospitali au kwa makadirio ya walimu. Linatosha kupanga mbio za siku hiyo, lakini halimfikishi mtu Paralimpiki. Daraja la kimataifa hutolewa na waainishaji wanaotambuliwa na chombo kinachosimamia riadha ya watu wenye ulemavu duniani, baada ya kumpima mwanariadha mwenyewe ana kwa ana. Ukiandika "bingwa wa T12" bila kusema ni T12 ya wapi, umempa kijana cheo ambacho kesho anaweza kunyang'anywa, na watu watasema aliiba.

Sasa msimbo wenyewe. T ni mbio na miruko. Ukikuta F, hiyo ni mitupo. Tarakimu ya kwanza inataja familia ya ulemavu, na 1 ni macho. Tarakimu ya pili inaeleza ukubwa wa kikwazo ndani ya familia hiyo: namba ikiwa ndogo, kikwazo ni kikubwa. Kwa hiyo T11 anaona kidogo kuliko T12, na T12 kuliko T13. Usivuke familia. T54 ni wa kiti cha magurudumu, na namba yake kubwa haina maana kwamba ana nafuu kuliko T13. Nimeyasoma makala yaliyopanga wanariadha hivyo, kama matokeo ya mtihani.

Viziwi hawamo kabisa kwenye orodha hii. Wana michezo yao ya kimataifa iliyoanza Paris mwaka 1924, kabla Paralimpiki haijazaliwa. Mwandishi anayeandika kwamba kiziwi "ameachwa nje ya Paralimpiki kwa uzembe" anatunga mgogoro usiokuwepo.

Ukitaka kumweleza msomaji jambo hili kwa mara moja, mpe mfano wa ndondi: bondia wa uzito wa bantamu hapangiwi na wa uzito wa juu, na hakuna anayeuita huo upendeleo. Lakini mwambie pia mfano unapoishia. Bondia anaweza kujikausha akashuka uzito wiki ya pambano. Mkimbiaji wa T13 hawezi kufanya mazoezi akabadilika kuwa T12, na hapandishwi daraja kwa sababu amekuwa mwepesi. Daraja halipimi ubora wake wa kukimbia, linapima kiasi ambacho ulemavu unamzuia. Kinachobaki baada ya hapo, yaani mapafu, miguu, mazoezi na akili ya mbio, ndicho kinachoshindaniwa.

Hatua ya pili: elewa kipimo mpaka uweze kukieleza bila karatasi

Waainishaji hujiuliza maswali matatu kwa mpangilio. Je, mtu huyu ana ulemavu unaotambuliwa katika mchezo huu? Je, unafikia kiwango cha chini kinachohitajika? Kama unafikia, ni wa daraja gani? Msomaji wako anaona la tatu tu. Malalamiko mengi huzaliwa kwenye la pili.

Kwa macho, vipimo ni viwili. Cha kwanza ni uwezo wa kuona mbali, kile cha ubao wa herufi. Hospitalini tumezoea kuandikiwa kwa sehemu, kama 6/60: mtu anasimama mita 6 kutoka kwenye herufi ambayo mwenye macho mazuri angeisoma akiwa mita 60. Herufi hiyo ina urefu wa karibu sentimita 9. Waainishaji hutumia kipimo kiitwacho LogMAR, ambacho 6/60 ni sawa na 1.0. Mwenye macho mazuri ni 0. Kila mstari mmoja wa ubao ni 0.1, na namba ikipanda, uoni unashuka.

Kipimo cha pili ni upana wa kuona. Kuna mtu anayesoma herufi ndogo vizuri, lakini anaiona dunia kama anachungulia kwenye bomba. Huyo akikimbia haoni mstari wa njia yake wala mpinzani anayempita. Upana huu hupimwa kwa nyuzi, kutoka katikati ya jicho kwenda pembeni.

Sasa mipaka. T13 ni LogMAR 1.0 hadi 1.4, au upana wa kuona ulio chini ya nyuzi 20 kutoka katikati. T12 ni 1.5 hadi 2.6, au upana ulio chini ya nyuzi 5. T11 ni uoni mbaya kuliko 2.6, mpaka giza kabisa. Kwa maneno ya kawaida, huyu anaweza kutambua kwamba dirisha liko upande ule kwa sababu ya mwanga, lakini hatambui herufi hata ikiwa kubwa na karibu. Kuna neno moja usilisahau: vipimo hivi huchukuliwa mtu akiwa na marekebisho bora anayoweza kupata, yaani miwani au lenzi zake. Kinachohesabiwa ni kile ambacho miwani imeshindwa kukitibu.

Kwenye makala yako usimwage namba zote hizi. Chagua mpaka mmoja unaomhusu mtu uliyemfuata, uueleze vizuri, uendelee.

Hatua ya tatu: mfuate mtu mmoja hadi kwenye ubao wa herufi

Hapa ndipo makala hupata nguvu, kwa hiyo nitakaa kidogo. Huu ni mfano niliouunda, lakini kila kilichomo ndicho kinachotokea.

Chukua binti wa Chumbageni mwenye ualbino, umri wa miaka 17, mkali wa mita 400. Darasani hukaa dawati la mbele na bado huinuka kwenda kusoma ubaoni. Mtaa mzima unaamini kwamba atapita moja kwa moja kwenye mbio za watu wenye ulemavu, kwa sababu ana ualbino. Hapo pana kosa la kwanza ambalo makala yako inapaswa kulirekebisha kwa upole: ualbino wenyewe hauna daraja. Ngozi haipimwi. Kinachopimwa ni macho, na macho ya watu wenye ualbino hutofautiana sana. Wapo wanaofika T12, wengi huzungukia mpaka wa T13, na wapo wanaobaki nje.

Kabla ya kupimwa na waainishaji, binti huyu anahitaji fomu ya kitabibu iliyojazwa na daktari bingwa wa macho, yenye vipimo visivyozidi miezi 12. Fomu inaeleza chanzo: retina haikukomaa vizuri katikati, na macho yanachezacheza yenyewe bila kutulia. Ukomo huu wa miezi huangusha wengi. Karatasi ya hospitali ya miaka mitatu iliyopita, hata iwe na mhuri mzuri namna gani, haitoshi.

Siku ya kupimwa anaingia chumba chenye mwanga uliodhibitiwa. Mbele yake pana ubao wenye herufi E iliyogeuzwa huku na huku, na kazi yake ni kuonyesha kwa kidole miguu ya E inaelekea wapi. Hahitaji kujua kusoma. Bila miwani anakwama kwenye mstari wa 6/75, ambao ni LogMAR 1.1. Kwa namba hiyo angekuwa T13. Kisha mpimaji anamwomba avae miwani yake. Anainamisha kichwa kidogo upande wa kushoto, kwa sababu kwa watu ambao macho yao huchezacheza mara nyingi kuna pembe moja ambapo macho hutulia, na mwenye nayo huijua tangu utotoni. Anaruhusiwa; anapimwa anavyoona, si anavyokaa. Anashuka mstari mmoja, kisha wa pili. Anaishia 6/48.

6/48 ni LogMAR 0.9. Mpaka ni 1.0. Mstari mmoja wa herufi, kila moja ikiwa na urefu wa sentimita 7, umemtoa nje. Upana wake wa kuona ni wa kawaida, kwa hiyo mlango wa pili nao umefungwa.

Jopo la kwanza likisema hana sifa, ana haki ya kupimwa na jopo lingine kabla uamuzi haujawa wa mwisho. Liandike hilo, kwa sababu wazazi na walimu wengi hawalijui na hukata tamaa mapema. La pili nalo likisema hivyo, mbio zake zinabaki za kawaida: UMISSETA na nyinginezo, pamoja na wenzake wanaoona.

Msomaji atauliza: hiyo ni haki kweli? Usikimbilie kumjibu ndiyo. Mpe hoja mbili zilizopo. Ya kwanza ni kwamba mpaka ni lazima uwe mahali fulani, na popote utakapouweka kutakuwa na mtu aliyekaa upande wa nje wake kwa mstari mmoja. Ukiusogeza hadi 0.9 ili kumwingiza binti huyu, wa 0.8 atasimama mlangoni kesho, na mkimbiaji wa 1.4 ataanza kushindanishwa na mtu anayeona zaidi yake kwa mistari mitano.

Hoja ya pili inaubana mfumo wenyewe, na mimi naiona nzito. Macho ya mtu mwenye ualbino huumizwa na mwanga. Kile chumba kilikuwa na mwanga wa kiasi. Uwanja wa Tanga saa saba mchana mwezi wa Februari hauna kiasi: jua liko utosini, mistari meupe inang'aa, na binti aliyesoma 6/48 ndani huenda hapo nje anaona vibaya kuliko mwenzake wa T13 ambaye macho yake hayaogopi jua. Kipimo cha ubao hakilinasi hilo. Miwani ya jua na kofia yenye ukingo mpana humsaidia, lakini havimrudishi kwenye hali ya chumbani. Haya yaandike waziwazi. Msomaji anayeelezwa mahali mfumo unapofika na mahali unapoishia huuamini zaidi kuliko anayeambiwa kwamba kila kitu kimekaa sawa.

Hatua ya nne: eleza kamba na kitambaa, maana ndivyo vinavyoonekana

Mkimbiaji wa T11 lazima awe na mwongozaji, na lazima avae kitambaa au miwani ya kuziba macho kabisa. Watu huuliza kwa nini umzibe macho asiyeona. Ni kwa sababu ndani ya T11 wamo wanaotambua mwanga na wasiotambua chochote, na anayetambua mwanga anaweza kuhisi kona ya uwanja inapoanza. Kitambaa huwaweka wote gizani sawasawa. T12 huchagua: akimbie na mwongozaji au peke yake. T13 hukimbia peke yake, hakuna mjadala.

Mwongozaji na mkimbiaji hushikana kwa kamba fupi. Mwongozaji haruhusiwi kumvuta wala kumsukuma, na haruhusiwi kukata utepe kabla ya mkimbiaji wake. Ukiwa mstari wa mwisho, tazama hapo hasa: mwongozaji mzuri hupunguza hatua moja ya mwisho, na wa hovyo hujisahau akatanguliza kifua, kisha mwenzake akaondolewa kwa kosa ambalo si lake.

Mwongozaji lazima awe mwepesi kuliko anayemwongoza, na siku ile awe mzima. Henry Wanyoike wa Kenya alishinda mita 5,000 za T11 kule Sydney mwaka 2000 huku mwongozaji wake akiwa ameishiwa nguvu, ikabidi mkimbiaji asiyeona ndiye amhimize mwenye macho hadi mwisho. Kisa hiki ni maarufu Afrika Mashariki, na kinamwonyesha msomaji kwa haraka kwamba kamba si msaada wa bure. Mkiwa wawili, mnaumwa wawili.

Kuna jambo dogo la hesabu linalowapotosha waandishi. Mkimbiaji na mwongozaji hutumia njia mbili za uwanja. Uwanja wenye njia nane unachukua jozi nne tu. Uwanja wetu wa nyasi uliochorwa njia sita kwa chokaa unachukua tatu. Kwa hiyo ukiona fainali ya watu watatu usiandike kwamba "ushindani ulikuwa mdogo." Huenda kulikuwa na mchujo wa mizunguko miwili asubuhi ulipokuwa bado barabarani.

Utakuta pia mbio zilizochanganywa, kwa mfano T12 inayokimbiwa na T11 ndani yake. Utaratibu ni kwamba mwenye kikwazo kikubwa anaweza kuingia mbio za mwenye kikwazo kidogo kuliko chake, lakini kinyume chake hairuhusiwi. Ukiandika matokeo ya mbio hizo, weka daraja kando ya kila jina.

Hatua ya tano: tumia muda kwa uangalifu

Waandishi tunapenda namba, na hapa namba hudanganya vizuri. Mwaka 2016 kule Rio, Abdellatif Baka wa Algeria alishinda mita 1,500 za T13 kwa dakika 3:48.29. Wiki chache kabla yake, katika mji uleule, Matthew Centrowitz wa Marekani alishinda dhahabu ya Olimpiki ya umbali huohuo kwa 3:50.00. Wakimbiaji wanne wa T13, akiwemo Henry Kirwa wa Kenya, walikuwa chini ya muda wa Centrowitz. Dunia nzima ikaandika kwamba wenye ulemavu wamewashinda wa Olimpiki.

Namba zilikuwa za kweli. Maelezo ndiyo yaliyokosekana. Fainali ile ya Olimpiki ilikuwa ya kuviziana: walitembea mwanzoni, wakafyatuka mzunguko wa mwisho, na muda wa mshindi ukawa wa polepole kuliko wa fainali yoyote ya Olimpiki ya umbali huo tangu 1932. Rekodi ya dunia ya Hicham El Guerrouj ni 3:26.00.

Na kuna wanaochukua namba hizohizo kuthibitisha kwamba T13 "wanaona tu, wanadanganya." Hilo nalo halina mashiko. Kwenye mita 1,500 hakuna kubaki kwenye njia yako tangu mwanzo wa mbio, na mwenye uoni wa 1.2 anaweza kufuata mgongo wa aliye mbele yake. Kikwazo chake kinaonekana kwenye msongamano, kwenye kugundua nani anashambulia kutoka nyuma, kwenye kusoma saa. Kwa hiyo pengo la muda kati ya T13 na wasio na ulemavu ni dogo kuliko watu wanavyotarajia, na T11 pengo ni kubwa. Mlinganishe mkimbiaji na rekodi ya daraja lake, au na muda wake mwenyewe wa mwaka jana.

Hatua ya sita: tuhuma

Mtu atakunong'oneza: yule wa njia ya pili namwonaga akiendesha baiskeli mjini. Usiiandike, lakini usiitupe. Anza kwa kujua kwamba kuendesha baiskeli hakupingani na T13. Mwenye LogMAR 1.0 huona barabara, watu na magari. Asichoona ni maandishi ya daladala mpaka imfikie. Kwa mwenye upana finyu ni kinyume: anaweza kusoma gazeti lako kisha akagonga kiti. Watu wengi hudhani kuna hali mbili tu, kuona na kutoona, na shutuma nyingi zinatokana na dhana hiyo.

Kisha eleza jinsi waainishaji wanavyomnasa anayejifanya. Njia mojawapo ni rahisi. Mtu akikwama kwenye mstari fulani, ubao unasogezwa karibu kwa nusu ya umbali. Kwa hesabu ya macho, anapaswa sasa kusoma mistari mitatu zaidi. Anayesema kweli huisoma bila hata kujua kwamba anapimwa. Anayedanganya hukwama palepale, kwa sababu amekariri mstari wa kukwamia. Tena majibu yake hulinganishwa na hali ya retina, na fomu ya daktari, na namna alivyoingia chumbani akatafuta kiti. Baadaye anaweza pia kutazamwa akiwa mashindanoni.

Halafu angalia hadhi ya daraja, ambayo huandikwa kando ya msimbo kwenye orodha ya kimataifa iliyo wazi kwa umma. N ni mpya, hajapimwa kimataifa. R ni wa kupimwa tena, wakati mwingine kukiwa na mwaka uliotajwa. C ni aliyethibitishwa. Mtu mwenye R akibadilishwa daraja hajakamatwa. Mfumo ulisema tangu mwanzo kwamba atarudiwa. Omara Durand wa Kuba alishinda mita 100 na 400 za T13 London mwaka 2012, kisha Rio 2016 akashinda akiwa T12. Mwandishi asiyejua hadhi hizi angeandika kashfa hapo.

Udanganyifu upo, na mkubwa kabisa uliibuliwa na mwandishi. Timu ya Hispania ya mpira wa kikapu kwa watu wenye ulemavu wa akili ilitwaa dhahabu Sydney mwaka 2000, kisha ikabainika kwamba wachezaji 10 kati ya 12 hawakuwa na ulemavu huo. Mmoja wao, Carlos Ribagorda, alikuwa mwandishi wa habari, na ndiye aliyefichua. Medali zilirudishwa. Lakini adhabu iliwafikia wasiohusika: wanariadha wenye ulemavu wa akili wa dunia nzima walifungiwa nje ya Paralimpiki mpaka London 2012. Ukiwa na ushahidi, kumbuka pia nani mwingine ataguswa, uandike kwa namna inayomtenga mkosaji na kundi lake.

Hatua ya saba: nini usichapishe

Daraja ni la umma. Jina la ugonjwa si la umma. Taarifa za afya zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na mwanariadha wa shule ni mtoto, kwa hiyo ridhaa ni ya mzazi au mlezi, sio ya kocha peke yake. Namba za kipimo za mtu halisi usiziandike bila ruhusa. Ndiyo maana binti wa Chumbageni hapo juu ni wa kubuni. Swali zuri kwa mkimbiaji si "macho yako yana nini?" bali "ukiwa kwenye kona, unaona nini?" La kwanza hujibiwa na daktari. La pili atakujibu mwenyewe, na jibu lake ndilo aya yako bora.

Hivi ndivyo ripoti ile ya mwanzo ingesomeka ikiandikwa sawasawa:

"Mita 400 za T11, daraja la wasioona, zilikimbiwa na jozi tatu, kila mkimbiaji akiwa amezibwa macho na kushikana kamba na mwongozaji wake. Mshindi alitumia dakika 1:02. Nusu saa baadaye zilikimbiwa mita 400 za T13, daraja la wenye uoni hafifu wanaokimbia peke yao, na mshindi wake alitumia sekunde 55. Madaraja yote mawili yalitolewa na walimu kwa ajili ya mashindano haya. Hakuna mkimbiaji aliyekwisha kupimwa kimataifa."

Ni sentensi tano, na hakuna wa kijiweni atakayeuliza kwa nini kuna dhahabu mbili.

Imebaki picha. Wapiga picha wetu wana tabia ya kukata picha ya T11 ili abaki mkimbiaji peke yake, eti mwongozaji anaharibu. Wakatalie. Mwache mwongozaji na kamba ionekane, na kwenye maelezo ya picha andika majina yote mawili, la mkimbiaji likitangulia. Kwenye Paralimpiki mwongozaji naye huvishwa medali.